Kabla ya kulipa kilemba, kaa ng'ambo ya barabara uhesabu

Mwezi mmoja haupiti bila mtu kunionyesha picha ya duka kwenye simu na kuniuliza: Mjomba, hili linauzwa, nichukue? Chini ya picha huwa na maneno yale yale. Duka linatembea, mali imejaa, wateja wa uhakika, mwenyewe anasafiri. Kila mwenye duka la kuuza katika miji yetu ya mpakani anasafiri. Tangu nianze biashara hapa Namanga sijakutana na hata mmoja aliyeandika kwamba anauza kwa sababu duka limemshinda.

Sisemi kwamba kununua duka la mtu ni ujinga. Yapo maduka ambayo ni afadhali uyanunue kuliko kuanza na fremu tupu na bati jipya. Ninachosema ni kwamba wengi wetu tunalipa bila kujua tunalipia nini, na sehemu kubwa ya fedha inakwenda kwenye kitu ambacho muuzaji hana uwezo wa kukuuzia.

Bei ya duka dogo ina mafungu manne. Lipo fungu la mali iliyo kwenye shelfu, lipo la vifaa kama friji, kaunta na mizani, na lipo la kodi ya pango ambayo muuzaji ameshalipa na miezi yake haijaisha. Hayo matatu unaweza kuyashika kwa mkono au kuyahesabu kwenye karatasi. La nne ndilo tunaloliita kilemba upande wa Tanzania, na upande wa Kenya linaitwa gudwili. Hilo halishikiki. Ni bei ya mahali, ya jina na ya wateja waliozoea. Magomvi karibu yote ninayoitwa kusuluhisha yanatokana na fungu hilo la nne.

Niseme yangu kwanza. Miaka mingi iliyopita nililipa kilemba kwa mpangaji aliyekuwa akitoka kwenye fremu ya hapa mjini. Tuliandikishana kwenye karatasi ya daftari, tukaweka mashahidi wawili, tukapeana mikono. Mwenye nyumba sikumwona, niliambiwa anaishi mbali na hana neno. Mwezi wa nne akaja, akaniangalia kama mgeni aliyeingia chumbani kwake bila hodi. Akasema mkataba wake ni na yule mwenzangu, mimi hanijui, na fremu anaitaka ampe mtoto wake. Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimenunua kitu kutoka kwa mtu ambaye hakuwa nacho, maana mpangaji hawezi kuuza haki ya kukaa mahali kama mwenye mahali hajakubali. Niliondoka na shelfu zangu, kilemba nikakiacha ukutani.

Kwa hiyo mpwa wangu aliponijia mwaka jana na picha yake, nilimwambia tufanye kazi hii polepole. Yeye alikuwa akivusha maharage na vitunguu kwa miaka kadhaa, akachoka na safari, akataka kukaa mahali pamoja. Alikuwa na akiba ya shilingi za Tanzania milioni tano na nusu. Duka lenyewe lilikuwa la mahitaji ya nyumbani, karibu na mahali Noah za Arusha zinapopakia abiria. Muuzaji alitaka milioni saba na nusu.

Nilimwambia, kabla hujamsalimia mwenye duka, nenda kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara, agiza chai, kaa hapo tangu duka linafunguliwa mpaka linafungwa. Hesabu watu wanaotoka na kitu mkononi. Fanya hivyo siku tatu zisizofanana: moja ya katikati ya wiki, moja ya Jumamosi, na moja ya mwisho wa mwezi watu wakiwa na mishahara. Ukitangaza kwanza kwamba unataka kununua, siku utakayokuja kukaa dukani utakuta foleni, na nusu ya foleni ni shemeji zake muuzaji.

Alihesabu. Kwa wastani watu 118 kwa siku walitoka na kitu. Kisha akaingia mwenyewe mara kadhaa kununua vitu vidogo, akasimama akiangalia wenzake wananunua nini: sukari nusu, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, soda, vocha. Akakadiria kwamba mtu mmoja anaacha kama shilingi 1,300. Ukizidisha unapata zaidi kidogo ya laki moja na nusu kwa siku. Alipokwenda kujitambulisha kama mnunuzi, muuzaji akamwambia duka linaingiza laki mbili na nusu kila siku, akamfungulia na daftari.

Daftari la muuzaji linaandikwa na muuzaji. Kuna njia ya kulipima bila kumwita mtu mwongo, nayo ni kuangalia manunuzi. Duka la vyakula la rejareja huku kwetu, bei ya sukari na unga ilivyobanwa, linabakiza kama shilingi 14 katika kila 100 ya mauzo. Vipodozi vinabakiza zaidi, sigara na vocha kidogo sana, lakini ukichanganya zote unafika hapo. Basi anayeuza 250,000 kwa siku lazima awe ananunua mali ya 215,000 kila siku ili shelfu zisibaki tupu, yaani milioni moja na nusu kwa wiki. Mpwa wangu akaomba stakabadhi za duka la jumla za miezi miwili. Zile zilizokuwepo zilionyesha kama laki tisa kwa wiki. Rudisha hesabu nyuma na utakuta mauzo ya laki moja na nusu kwa siku, sawasawa na alichokiona akinywa chai. Muuzaji alisema stakabadhi nyingine zilipotea. Inawezekana. Lakini kijana wa gari la soda naye aliulizwa anashusha kreti ngapi, na jibu lake halikufanana na laki mbili na nusu.

Laki moja na nusu kwa siku si duka baya. Kwa kiwango kile cha 14 kwa 100 linabakiza 21,000. Toa kodi ya pango, umeme, mlinzi, taka na mengine madogo, ambayo kwa duka lile yalikuwa kama 7,000 kwa siku. Linabaki 14,000. Kwa siku 26 za mwezi ni 364,000, na hapo mwenye duka bado hajala.

Tukaja kwenye mali. Muuzaji alisema iliyomo ni ya milioni tatu na laki mbili. Tulihesabu usiku mmoja, duka likiwa limefungwa, kitu kimoja kimoja, yeye akiwepo na sisi tukiwepo. Alikuwa amehesabu kwa bei ya kuuzia, na hilo ni kosa la kawaida ambalo halikosewi kwa bahati mbaya. Mali inayouzwa pamoja na duka inahesabiwa kwa bei ya leo ya duka la jumla, kwa sababu ukiikataa ndiyo bei utakayolipa kununua nyingine kama hiyo. Tukaweka kando biskuti zilizobakiza wiki mbili kuisha muda wake, sabuni ambazo katoni yake ilikuwa na vumbi la mwaka mzima, na betri zilizovuja. Ikabaki mali ya 2,150,000. Friji, kaunta, shelfu na mizani tulivipa 1,100,000 kama vitu vilivyotumika. Kodi ilikuwa imelipwa na miezi minne imebaki, kwa laki moja kila mwezi, basi laki nne. Jumla ni 3,650,000.

Kwa hiyo ndani ya ile milioni saba na nusu, kilemba kilikuwa 3,850,000. Muuzaji hakuwahi kuitamka namba hiyo, na nadhani hata yeye hakuwahi kuitenga. Kwa hadithi yake ya laki mbili na nusu, kilemba kile kingerudi katika miezi mitano na kitu. Kwa mauzo tuliyoyaona, kingerudi katika miezi kumi na nusu, na mpwa wangu katika miezi hiyo yote asile, asilipe ada ya mtoto, asiugue.

Sasa hapa ndipo swali la kununua au kuanza upya linapopata jibu, na ajabu ni kwamba watu hulijibu kwa moyo wakati linajibika kwa kalamu. Kilemba kinakununulia kitu kimoja tu: kinakuokoa na miezi ile ambayo duka jipya linakaa bila wateja. Basi thamani yake haiwezi kuzidi hasara ya miezi hiyo. Tukajiuliza, mpwa wangu akifungua duka la aina hiyo hiyo jirani na pale, ataanza na mauzo gani? Tukasema 60,000 kwa siku mwezi wa kwanza, na huenda akafika laki moja na nusu baada ya miezi sita. Akiuza 60,000 anabakiza 8,400, akitoa gharama zake 7,000 anabaki na 1,400 badala ya 14,000. Anapungukiwa 12,600 kila siku, sawa na 327,000 hivi kwa mwezi wa kwanza. Pengo hilo linapungua kidogo kidogo mpaka linakwisha mwezi wa sita. Ukilijumlisha lote unapata karibu milioni moja.

Milioni moja, basi, ndiyo bei ya juu ya kilemba kwa duka lile, si karibu milioni nne. Wewe unaweza kukadiria vingine, useme duka jipya litachukua mwaka, na kilemba kitapanda. Sawa. Lakini utakuwa unabishana na namba yako mwenyewe, si na maneno ya mtu anayesafiri.

Tulipompelekea muuzaji hesabu hii alikasirika siku mbili, siku ya tatu akashuka mpaka milioni tano na laki mbili. Mpwa wangu alitaka kukubali. Nikamwambia bado hatujamwona mwenye nyumba.

Mwenye nyumba safari hii alikuwa karibu na alikuwa mtu mwungwana. Alisema hana shida na mpangaji mpya, ila mkataba atatoa wa mwaka mmoja tu, na kodi itakuwa laki moja na nusu badala ya laki moja, kwa sababu mtaa umechangamka. Mtaa ulichangamshwa na duka lile, lakini hayo tuyaache. Elfu hamsini kwa mwezi ni laki sita kwa mwaka, na laki sita hiyo inatoka kwenye faida ile ile ndogo. Kwa hiyo kilemba kikashuka kutoka milioni moja hadi laki nne. Na kwa mkataba wa mwaka mmoja, mwenye nyumba anaweza kuuchukua mwaka wa pili wote kwa neno moja. Anayelipa kilemba bila mkataba mpya wenye jina lake, muda usiopungua miaka miwili, na kodi iliyoandikwa humo humo, analipa kwa ajili ya mwenye nyumba. Karatasi ya muuzaji na mashahidi wake, kama ile yangu, haisaidii kitu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo karibu litupite. Katika wale watu 118, wengi waliingia kutoa au kuweka fedha kwa simu, kisha wakanunua kitu kwa kuwa wameshafika. Laini ya uwakala ilikuwa ya muuzaji, imesajiliwa kwa jina lake, kwa namba yake ya mlipakodi na leseni yake. Haiuziki pamoja na friji. Angeondoka nayo, na mpwa wangu angelazimika kuomba yake, atafute mtaji wa kuiendesha, asubiri. Leseni ya biashara ni vivyo hivyo: imetolewa kwa mtu fulani, kwa biashara fulani, mahali fulani, na mnunuzi anaomba yake upya. Mali kauli pia haihami. Yule wa duka la jumla aliyekuwa akimwachia muuzaji mifuko kumi ya unga mpaka Ijumaa alikuwa anamwamini yeye, si shelfu zake. Na daftari la madeni ya wateja usilinunue hata kwa nusu bei, maana mdeni akiona sura mpya kwenye kaunta huona deni limesafiri na mwenye duka.

Kwa nyinyi mnaovuka mpaka kuna mambo matatu ambayo mnunuzi wa Arusha mjini au wa Nakuru hahitaji kuyafikiria sana.

La kwanza ni uraia. Mwishoni mwa Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa agizo linalowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni. Mgeni akipatikana na hatia, faini ni isiyopungua shilingi milioni kumi, au kifungo kisichozidi miezi sita. Raia anayemsaidia naye ana adhabu yake, faini ya milioni tano au kifungo cha miezi mitatu. Mimi naliona agizo lile kuwa limekaa vibaya na Itifaki ya Soko la Pamoja, ambayo imekuwa ikitumika tangu Julai 2010, na watu wa miji ya mpakani ndio waliopigwa kwanza, sisi ambao tumeoana na kuzikana bila kuulizana vitambulisho. Lakini maoni yangu hayatalinda kilemba chako. Tangu agizo hilo litoke nimeona matangazo ya maduka yanayouzwa kwa haraka, na nimeona ndugu zetu wa Kenya wakishawishiwa kununua kwa kutumia jina la rafiki Mtanzania. Hapo umelipa fedha zako, leseni ina jina la mwingine, mkataba wa pango una jina la mwingine, na siku mkikosana huwezi kwenda kushitaki bila kujitaja.

La pili ni la wanaonunua upande wa Kenya. Kule ipo sheria ya uhamishaji wa biashara, Sura ya 500, ambayo wafanyabiashara wadogo wengi hawaijui. Kwa sheria hiyo, anayechukua biashara ya mtu hurithi na madeni ya biashara hiyo, isipokuwa kama tangazo la uhamishaji lilichapishwa mapema katika Gazeti la Serikali na katika gazeti la kawaida ili wadai wajitokeze. Kwa kibanda cha soda ni wachache watakaotangaza. Ndiyo maana kwa kibanda kidogo ninashauri ununue mali na vifaa kwa orodha, vitu kwa vitu, upate mkataba wako mpya wa pango na kibali chako mwenyewe cha kaunti, na ubadilishe jina la juu ya mlango. Ukitaka kuchukua biashara nzima pamoja na jina lake, tafuta wakili na ufuate sheria. Vyovyote iwavyo, zunguka kwa wauzaji wa jumla wote wa mtaa uulize nani anadai.

La tatu ni miguu ya watu. Kituo cha huduma kwa pamoja hapa Namanga kilizinduliwa rasmi Desemba 2018. Utaratibu wake ni kwamba msafiri anasimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wanammaliza hapo. Zamani alisimama pande zote mbili, akanunua maji huku na mandazi kule. Duka lililoishi kwa foleni ya watu wanaotoka nchini linaweza kubaki na shelfu zile zile, jina lile lile, daftari la mauzo la miaka ya nyuma lenye kuvutia, na mlango usioingia mtu. Hivyo hivyo stendi ikihamishwa, au maegesho ya malori yakisogezwa. Na ukiona kibanda kimeegemea barabara kuu, chukua kamba upime. Hifadhi ya barabara kuu Tanzania ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na kibanda kilicho ndani ya hapo chenye alama ya X nyekundu hakina fidia siku kitakapovunjwa. Rangi mpya ukutani wakati majirani wote kuta zao zimechakaa ni sababu ya kutosha ya kuuliza chini ya rangi kuna nini.

Mpwa wangu hakununua. Tulimpa muuzaji bei yetu ya mwisho, 4,050,000, na tukamwomba akubali laki tano kati ya hizo zibaki kwetu kwa miezi mitatu, ili asije akafungua duka jingine hatua hamsini kutoka pale. Alikataa vyote viwili. Siku hizo hizo akapata mtu mwingine, sijui kwa bei gani.

Yeye akachukua fremu nyuma kidogo ya stendi kwa elfu sabini kwa mwezi, akalipa miezi sita. Shelfu za kutumika na kaunta zilimgharimu laki sita, leseni, rangi na mlango laki tatu hivi, na mali aliweka ya milioni mbili tu. Nilimlazimisha abakize zaidi ya milioni mbili pembeni, na hapo ndipo tuligombana kweli, kwa sababu kwake kuona fedha zimelala wakati shelfu zina nafasi ilikuwa dhambi. Lakini wanaoanza upya hawaanguki kwa kukosa mali. Wanaanguka kwa kula mali. Mwezi wa pili mauzo ni madogo, mtoto anaugua, fedha ya sukari inalipa hospitali, shelfu inapata tundu, mteja akikosa sukari mara mbili haji mara ya tatu. Asiye na fedha ya kula miezi sita bora asianze na fremu tupu. Huyo kwake duka lenye wateja tayari, hata kwa kilemba kidogo, lina maana zaidi.

Na inategemea unauza nini. Kama ni sukari na soda, mahali ndiyo biashara yenyewe, na mtu aliyeshika kona nzuri ana kitu cha kukuuzia. Kama unauza vitenge, dagaa wa magunia au vipuri vya pikipiki, wateja wako wana namba yako ya simu na watakufuata hata uchochoroni, basi kulipia kona ya mtu mwingine ni kumlipa kwa wateja ambao ni wako tayari. Nimewaona wafanyabiashara wa vitenge wakilipa kilemba kikubwa cha mlango wa mbele, na mizigo yao yote bado inaondoka kwa oda za simu.

Sitakudanganya kwamba mambo yake yamekwenda kama hesabu. Mwezi wa kwanza aliuza chini ya ile 60,000 tuliyokisia, mwezi wa tatu akaivuka, na sasa, mwezi wa saba, anazunguka kati ya 95,000 na 110,000. Laki moja na nusu bado hajaiona. Kodi yake ni ndogo, ndiyo inayomsaidia. Katika ile akiba amegusa laki nane.

Wiki iliyopita alinipigia, akaniambia yule aliyenunua duka la karibu na Noah anauza friji lile lile tuliloliona, laki tatu na nusu. Sikumuuliza kwa nini anauza. Nimemwambia alichomeke kwenye umeme jioni, aweke chupa za maji, arudi asubuhi kabla ya kutoa hata shilingi.